Ukurasa wa Nne Haukuguswa: Barua ya Kudai Maksi za Kemia

Wazee wengi wenzetu huku Ghuba wamezoea kuona watoto wakifanya mitihani ya karatasi inayorudi kwenye skrini. Mtoto anajibu kwa kalamu, dakika za mwisho anapiga picha kurasa zake kwa simu, anaziunganisha ziwe faili moja ya PDF, kisha anaituma. Mwalimu anasahihisha kwenye tableti na kurudisha faili ile ile ikiwa na alama nyekundu. Njia ni nyepesi, lakini ina kasoro yake, na mwezi uliopita ilimfika binti wa binamu yangu, anayesoma darasa la kumi katika shule ya kulipia hapa Maskati.

Alipata 42 kati ya 60 katika kemia, yaani asilimia 70. Shuleni kwao anayetaka mkondo wa sayansi mwaka ujao lazima afike asilimia 75, yaani maksi 45. Mama yake alishaanza kumwambia, "Basi mwanangu, biashara nayo ni riziki." Binti mwenyewe ndiye aliyeniletea faili akasema, "Ami, hebu nitazamie, mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa."

Kulikuwa na kurasa tano. Ukurasa wa kwanza maksi 14, wa pili 11, wa tatu 9, wa tano 8. Jumlisha: 42. Kwa hiyo hesabu ya mwalimu haikuwa na kosa, ila ukurasa wa nne haukuchangia hata maksi moja. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana ukurasa uliopata sifuri na ukurasa ambao haukusahihishwa si kitu kimoja. Kwenye kurasa nyingine kila jibu lilikuwa na vema au mkasi, hata majibu mabovu. Ukurasa wa nne ulikuwa mweupe kabisa: hakuna vema, hakuna mkasi, hakuna sifuri pembeni. Tena picha yake ilikuwa imelala ubavu, maandishi yakisoma kutoka chini kwenda juu. Yumkini mwalimu alipokuwa akipitisha kidole alidhani ni karatasi ya kufanyia hesabu za pembeni.

Katika sekondari ya misheni niliyosoma mimi, mwalimu alipitisha mstari mwekundu kwenye kila ukurasa, hata ule mtupu, ili mwanafunzi ajue kwamba jicho limepita. Kwenye tableti mstari ule mara nyingi haupo.

Ukurasa wenyewe ulikuwa na swali moja la maksi 12, nalo ni titresheni. Mwanafunzi anapewa sentimita za ujazo 25 za magadi makali, NaOH, asiyojua nguvu yake, na asidi HCl ya mol 0.100 kwa lita iliyomo ndani ya bureti. Anadondosha asidi mpaka kiashiria kibadilike rangi, anasoma kiasi kilichotumika, kisha anatafuta nguvu ya magadi.

Binti alikuwa na vipimo vitatu: 22.90, 22.40 na 22.40. Cha kwanza ni cha kujaribia tu, mtu anakifanya harakaharaka ili ajue mwisho uko wapi, na hakiingii kwenye wastani. Yeye alikiingiza. Akapata wastani wa 22.57 badala ya 22.40, na jibu lake la mwisho likawa 0.0903 badala ya 0.0896.

Alipoligundua kosa hilo alinywea. "Ami, jibu langu kumbe si sahihi. Nikiandika si nitajiaibisha?" Nikamwambia hapana. Swali la namna hii husahihishwa kwa hatua. Anayekosea wastani hupoteza maksi ya wastani, lakini akiutumia wastani ule vizuri katika hatua zinazofuata, maksi za hatua hizo hupewa. Alizidisha 0.100 kwa 22.57, akagawa kwa 1000, akapata mol 0.002257 za asidi. Akaeleza kwamba HCl moja hukutana na NaOH moja, kwa hiyo mol za magadi ni hizo hizo. Akagawa kwa 0.025. Njia yote imenyooka, kosa ni moja tu pale mwanzo.

Kaka yake akaja na rai nyingine: auandike upya ukurasa ule vizuri, aupige picha iliyosimama wima, autume. Nikamkataza kabisa. Kilichofanyiwa mtihani ni faili iliyotumwa siku ile kabla ya muda kwisha. Picha mpya, hata ya karatasi ile ile, inamlazimisha mwalimu ajiulize kama kuna lililoongezwa. Ushahidi wa binti ulikuwa tayari mikononi mwa shule, kwa hiyo alihitaji kuuonyesha tu ulipo.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa imejaa uchungu: alivyokesha, alivyodhulumiwa, na jinsi alivyostahili asilimia 90. Tukayatoa yote hayo. Hii ndiyo aliyotuma, naiweka kwa Kiswahili maana yeye aliiandika kwa Kiingereza:

"Mwalimu mpendwa, nakushukuru kwa kunirudishia mtihani wangu wa kemia. Katika faili uliyonirudishia, ukurasa wa 4 wenye swali la 5 (maksi 12) hauna alama yoyote ya kusahihishwa. Maksi za kurasa nyingine ni 14, 11, 9 na 8, jumla 42, ambayo ndiyo maksi niliyopewa. Picha ya ukurasa huo ililala ubavu, na naomba radhi kwa usumbufu huo. Ukurasa huo umo katika faili niliyotuma siku ya mtihani, na sijabadilisha chochote. Naomba usahihishwe kama ulivyo. Karatasi yenyewe ninayo na naweza kuileta. Wako mwanafunzi."

Barua haisemi anataka maksi ngapi. Haimlaumu mtu. Inampa mwalimu namba ambazo anaweza kuzihakiki kwa dakika mbili, na ombi moja tu.

Jibu lilikuja siku ya pili. Alipewa 10 kati ya 12. Maksi moja iliondoka kwa wastani, nyingine kwa sababu aliandika "rangi ilibadilika" bila kusema kutoka rangi gani kwenda ipi. Jumla ikawa 52 kati ya 60, karibu asilimia 87, na mlango wa sayansi ukawa wazi.

Huo ulikuwa mtihani wa shule. Kwa mitihani ya Cambridge ambayo watoto wetu wengi hufanya, mwanafunzi haandiki mwenyewe, bali shule ndiyo inayopeleka ombi, na lina muda wake maalumu na ada. Kuna ombi la kuhakiki tu kwamba kurasa zote zimesahihishwa na jumla iko sawa, na kuna ombi la kupitia usahihishaji wenyewe. Ulizeni vizuri mnalipia lipi. Mkumbuke pia kwamba maksi zinaweza kushuka kama zinavyoweza kupanda.

Na siku ya kutuma, mtoto asifunge simu mara tu faili inapoondoka. Aifungue ile aliyotuma, ahesabu kurasa, ahakikishe kila moja imesimama wima na namba ya swali inasomeka. Karatasi yenyewe aiweke mpaka matokeo yakamilike.