Baada ya kukiri, wakili anasema nini?

Tuseme mama wa miaka 23 amekamatwa kwenye mlango wa supamaketi jijini Nairobi, mkobani ana mikebe miwili ya maziwa ya unga na pakiti ya nepi ambazo hakuzilipia. Amekiri kosa mbele ya hakimu, na mwendesha mashtaka amesema hana rekodi ya makosa ya awali. Sasa ni zamu ya wakili wake kuomba adhabu nafuu.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakili akisimama na kusema mteja wake alipitiwa tu, alidhani ameshalipa, ameharibu. Wizi unahitaji nia ya kuiba, kwa hiyo maneno hayo yanapinga kukiri kwenyewe. Tangu shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la 1973, mahakama zinajua la kufanya mshtakiwa akitoa maelezo yanayotia shaka hatia yake: kukiri kunafutwa, inaandikwa amekana, na kesi inaanza kusikilizwa. Kama kweli alisahau kulipa, hilo lilipaswa kusemwa mwanzo.

Wakili mzuri basi haligusi kosa. Anamweleza hakimu juu ya mkosaji, tena kwa ushahidi, kwa sababu hakimu husikia kila wiki kwamba mshtakiwa ana mtoto mdogo. Anatoa kadi ya kliniki inayoonyesha mtoto ana miezi saba. Anataja kwamba bidhaa zilirudishwa dukani zikiwa nzima, na kwamba mteja alikiri siku ya kwanza bila kuisumbua mahakama. Siku alizokaa rumande anazitaja pia, maana sheria inataka zihesabiwe.

Kisha anaomba kitu mahususi. Wizi wa kawaida nchini Kenya, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, una kifungo kisichozidi miaka 3. Faini inaonekana ndiyo nafuu, lakini kwa mama anayeuza mboga barabarani ni mtego: akishindwa kulipa, anaingia gerezani kutumikia kifungo kilichowekwa badala yake, na sheria ya magereza inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 4 kuingia naye. Ndiyo maana wakili anapaswa kusema wazi kwamba mteja hana uwezo wa faini, na aombe ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo hufika nyumbani, huongea na jamaa na majirani, kisha humwandikia hakimu maoni yake. Kwa maoni yangu ripoti hiyo huwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya wakili, mradi isipingane na aliyoyasema.

Ripoti ikiwa nzuri, hakimu anaweza kumpa kifungo cha nje cha kati ya miezi 6 na miaka 3, au huduma kwa jamii. Akivunja masharti, anarudishwa mahakamani kuadhibiwa kwa kosa lile lile. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 14 za kukata rufaa, na kwa kuwa alikiri, atalalamikia adhabu tu.