Nyimbo Nane, Chini ya Dakika Kumi

Mwishoni mwa mwaka 1980, mjini Washington, vijana wanne wa bendi iliyoitwa Teen Idles waliamua kuivunja bendi yao. Walikuwa wamepiga kwa takriban mwaka mmoja tu, na fedha zote walizolipwa kwenye maonyesho walikuwa wakiziweka pamoja bila kuzigusa. Walipohesabu walikuta kama dola 600. Kugawana lilikuwa jambo la dakika tano. Badala yake walizitumia kutengeneza santuri ya bendi ambayo haikuwapo tena, na kwa ajili ya santuri hiyo watatu kati yao, Ian MacKaye, Jeff Nelson na Nathan Strejcek, wakaanzisha lebo waliyoipa jina Dischord.

Muziki wenyewe ulikuwa panki, lakini si ile iliyokuwa imeutikisa ulimwengu miaka michache kabla. Panki ya New York na London, ya akina Ramones na Sex Pistols, ilikuwa imekwisha kununuliwa na makampuni makubwa ya muziki, na kufikia mwaka 1980 magazeti mengi yaliiandika kama mtindo uliopita. Vijana wa Marekani walioikuta imefikia hapo waliichukua wakaiongezea kasi, wakaifupisha, wakaondoa kila pambo. Los Angeles walikuwapo Black Flag, San Francisco walikuwapo Dead Kennedys. Aina hii mpya ikaitwa hadikoo. Watu wengi wakiisikia kwa mara ya kwanza husema ni kelele tupu. Mimi naamini ni moja ya kazi zilizofikiriwa kwa makini zaidi katika muziki wa vijana wa karne iliyopita, na santuri za Washington ndizo zinazolionyesha jambo hilo waziwazi.

Kasi ya Washington ilianzia kwa Bad Brains. Hawa walikuwa vijana Weusi wanne ambao kabla ya panki walikuwa wakipiga jazi iliyochanganywa na roki, muziki unaodai vidole vyepesi na masikio yanayosikilizana. Baadaye waliingia katika imani ya Rastafari, na katikati ya maonyesho yao waliweza kuacha mbio ghafla wakapiga rege ya taratibu, kisha wakarudi mbioni. Mwaka 1980 walitoa santuri yenye wimbo "Pay to Cum", ambao unakwisha kabla dakika moja na nusu haijatimia. MacKaye na wenzake waliwatazama kwa karibu, na kwa muda Bad Brains walifanya mazoezi wakitumia vyombo vya Teen Idles. Walichojifunza hapo ni kwamba kasi haina maana bila mshikamano.

Tuiangalie kasi yenyewe. Katika wimbo wa kawaida wa roki unaokwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, ngoma ndogo yenye mlio mkali hulia mara 60 katika dakika hiyo. Katika hadikoo hupita mara 150. Mpiga dramu hana nafasi ya madoido: mguu unapiga ngoma kubwa, mkono unajibu kwenye ngoma ndogo, mguu tena, mkono tena, bila kupumua. Mpiga gitaa hawezi kubadilisha vidole kwa ustadi katika mwendo huo, kwa hiyo hushika umbo moja la sauti mbili tu na kulitelezesha juu na chini ya shingo ya gitaa, huku mkono wa kulia ukichapa nyuzi mfululizo. Solo hakuna. Mwimbaji hupiga kelele maneno yake haraka, kwa kuwa akichelewa kwa nusu sekunde ubeti umempita.

Bendi dhaifu hujulikana mapema. Ngoma huanza kukimbia mbele ya gitaa, au mikono ya mpiga dramu inachoka ubeti wa pili na wimbo unalegea, na kinachosikika ni mvumo mmoja usio na kingo. Bendi nzuri utaitambua mahali inaposimama. Minor Threat, bendi ambayo MacKaye na Nelson waliiunda mara baada ya Teen Idles pamoja na Lyle Preslar kwenye gitaa na Brian Baker kwenye besi, walikuwa na uwezo wa kukata sauti zote kwa wakati mmoja, wakaacha kimya cha kipigo kimoja, kisha wakaingia tena wote pamoja. Sikiliza ngoma ndogo na gitaa: kama vinatua mahali pamoja hata katika mbio zile, basi watu hawa wamefanya mazoezi mengi.

Mbio na ufupi huo vilikuwa na faida nyingine, ya fedha. Santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba dakika nne au tano hivi kila upande ikiwa unataka sauti yenye nguvu. Ukijaza zaidi, mifereji inabidi ibanwe, na mifereji iliyobanwa haina nafasi ya besi wala ya sauti kubwa, kwa hiyo muziki hutoka mwembamba. Wazee wetu waliokuwa wakinunua santuri za benga na rumba mjini Nairobi wanaujua mpaka huu vizuri: wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na ili ufike kwenye gitaa tamu la mwisho ilibidi uigeuze sahani.

Sasa chukua santuri ya kwanza ya Minor Threat, iliyotoka mwaka 1981. Ina nyimbo nane. Mrefu kuliko zote una dakika moja na nusu hivi, na mfupi kuliko zote, "Straight Edge", una sekunde 45 tu au moja zaidi. Ukizijumlisha zote hazifiki dakika kumi, yaani upande mmoja haufiki dakika tano. Kazi nzima ya bendi, ambayo kwa mtindo mwingine ingehitaji santuri kubwa, iliingia kwenye sahani ndogo ya bei rahisi bila kubanwa. Nyimbo za dakika moja hazihitaji wiki za studio pia. Bendi iliyoiva inaweza kuzipiga zote moja kwa moja, na ikikosea mahali, kurudia wimbo mzima ni dakika moja nyingine tu ya kulipia.

Studio yao ilikuwa nyumbani kwa Don Zientara, huko Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Aliiita Inner Ear. Teen Idles walirekodi hapo kwa mashine ya njia nne, kifaa ambacho makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kukiacha. Namna ya kufyatua santuri waliielekezwa na Skip Groff, mwenye duka la santuri lililoitwa Yesterday & Today, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa santuri ndogo ndogo. Zile dola 600 zikaelekezwa kwenye nakala 1,000. Kwa upande wa bahasha, walichukua bahasha ya santuri ya dukani, wakaibandua gundi, wakaitandaza mezani, wakachora umbo lake. Kisha walichapisha karatasi, wakazikata kwa mkasi, wakazikunja na kuzibandika kwa mikono yao. Waliendelea hivyo kwa santuri zilizofuata pia, nakala kwa maelfu, marafiki wakiwa wamekaa sakafuni na gundi.

Fedha ya santuri ya kwanza iliporudi, ilizaa iliyofuata. Henry Garfield, rafiki wa MacKaye aliyekuwa akifanya kazi katika duka la aiskrimu, aligharimia mwenyewe santuri ya bendi yake ya S.O.A.; baadaye aliitwa Henry Rollins na kwenda kuimba Black Flag. Mwaka 1982 Dischord walitoa Flex Your Head, santuri kubwa iliyokusanya nyimbo 32 za bendi 11 za mji huo. Mikataba haikuandikwa. Walikubaliana kwa maneno, gharama zikatolewa kwanza, faida ikagawanywa. Na walichukua bendi za Washington tu, kwa sababu walitaka kuweka kumbukumbu ya watu waliokuwa wakiwajua.

Kwa nini wasingetafuta kampuni? Jibu liko kwa Black Flag. Greg Ginn, mpiga gitaa wao, alikuwa na kampuni yake ndogo, SST, ambayo mwanzoni iliuza vifaa vya redio kwa wapenzi wa mawasiliano. Mwaka 1981 bendi hiyo ilikubaliana na lebo ya Unicorn, iliyotegemea kampuni kubwa ya MCA kusambaza santuri yao ya Damaged. MCA walipoisikiliza walikataa kuisambaza, wakisema inapingana na wazazi. Mzozo na Unicorn ukaishia mahakamani, na kwa muda mrefu Black Flag walizuiwa kutoa kazi mpya kwa jina lao. Mwaka 1982 walipotoa mkusanyo wa rekodi za zamani bila jina la bendi kwenye jalada, mahakama haikuridhika, na Ginn pamoja na mpiga besi Chuck Dukowski wakalala jela siku kadhaa. Bendi iliyokuwa katika kilele cha nguvu zake ilipoteza zaidi ya mwaka kwa ajili ya sahihi moja.

Ukumbi nao ulikuwa tatizo. Panki ilipigwa kwenye baa, na wapenzi wa hadikoo walikuwa na umri wa miaka 15, 16. Mwaka 1980 Teen Idles walisafiri hadi California, na katika ukumbi wa Mabuhay Gardens, San Francisco, walichorwa alama kubwa ya X kwenye mikono ili wahudumu wasiwauzie pombe. Waliporudi walilipeleka wazo hilo kwa wenye kumbi za nyumbani: turuhusuni tuingie, tutajichora wenyewe, hatutakunywa. Mikono yenye X ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la santuri yao. Minor Threat waliimba baadaye juu ya kuishi bila ulevi, na vijana wa miji mingine wakaigeuza X kuwa alama ya msimamo huo, jambo ambalo MacKaye amesema mara nyingi hakulikusudia liwe chama.

Kufikia mwaka 1983 mambo yalikuwa yameharibika. Kusukumana mbele ya jukwaa, ambako mwanzoni kulikuwa furaha ya marafiki, kulivutia watu waliokuja kupigana tu. Wasichana waliokuwapo tangu mwanzo walirudi nyuma ya ukumbi au wakaacha kuja. Ndani ya Minor Threat nako palikuwa na mvutano: wengine walitamani kukua, kupunguza mwendo, hata kusikiliza lebo kubwa zilizokuwa zikibisha hodi, MacKaye hakutaka. Onyesho la mwisho lilikuwa Septemba mwaka huo, katika jengo la Lansburgh mjini Washington, pamoja na Trouble Funk, bendi ya gogo, dansi ya Weusi wa mji huo. Kisha wakaachana.

Dischord haikufa. MacKaye na Nelson waliendelea kuiendesha, na mwaka 1989 waliweka santuri zote za Minor Threat kwenye diski moja. Nyimbo ni 26, na urefu wake wote ni kama dakika 47. Anayetaka kuanza aanzie hapo, kwa zile nane za kwanza, asikilize mara mbili mfululizo: mara ya kwanza masikio hushika mbio tu, na mara ya pili ndipo yanapoanza kusikia Baker anachofanya na besi chini ya gitaa.