Zaka ya Duka: Siku ya Kuhesabu na Siku ya Kugawa

Zaka ya mali ya biashara huanza na tarehe. Siku mali ya mtu inapofika kiwango kinachoitwa nisabu, hesabu ya mwaka inaanza, na mwaka huo, yaani hauli, ni wa mwezi mwandamo wenye siku zipatazo 354. Aliyefungua duka mwezi 10 Rajabu atahesabu mali yake kila inapofika 10 Rajabu. Ramadhani haihusiki hapa, ila kwa aliyeamua kuutumia mwezi huo kwa ajili ya wepesi wa kukumbuka. Wengi huchanganya zaka ya mali na zaka ya fitri, ambayo hutolewa kwa kila kichwa mwishoni mwa mfungo, pishi ya chakula kinacholiwa mahali pale. Hizo ni zaka mbili, na kutoa moja hakuiondoi nyingine.

Mfanyabiashara ambaye vitabu vyake vyote vinakwenda kwa kalenda ya kawaida anaweza kuhesabu kwa mwaka wa siku 365, ila azijumlishe siku 11 zilizozidi. Badala ya asilimia 2.5 atatoa kama asilimia 2.58. Asipofanya hivyo, kila baada ya miaka ipatayo 33 atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima bila kujua.

Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, ambazo wengi leo wanazikadiria kuwa gramu 85. Ya fedha, ile madini nyeupe, ni dirhamu 200, sawa na gramu 595 hivi. Zamani viwango hivi viwili vilikaribiana kwa thamani. Leo vimeachana mno, na hapo ndipo penye swali zito kuliko yote kwa mwenye duka dogo. Tuseme gramu moja ya dhahabu safi inauzwa shilingi 300,000 na gramu ya fedha 3,500. Nisabu ya dhahabu itakuwa shilingi 25,500,000, na ya fedha 2,082,500. Mwenye mali ya milioni nane hana zaka kwa kipimo cha kwanza, na anayo kwa kipimo cha pili. Wanachuoni wengi huipendelea nisabu ya fedha kwa mali ya biashara na akiba kwa sababu ina manufaa zaidi kwa fakiri. Wengine hushika ya dhahabu kwa kuwa thamani ya fedha imeporomoka. Kila rai ina watu wake wa elimu. Jambo lisilofaa ni kuhama kipimo kila mwaka, kufuata kile kitakachomwondolea mtu wajibu. Bei za madini nazo huulizwa siku ile ile ya hauli, kwa sonara au kwenye taarifa za soko, kwani bei ya mwaka jana haifai.

Chukua duka la rejareja la Ngamiani, Tanga, linalouza unga, mchele, sukari, mafuta na sabuni, na pembeni lina uwakala wa fedha za simu. Mwenyewe ameshika nisabu ya fedha, na hauli yake imefika. Usiku wa kuamkia siku hiyo anafunga mapema, anakaa na kijana wake wa dukani, mmoja anataja na mwingine anaandika: magunia ya mchele mangapi, katoni za sabuni ngapi, dumu la mafuta limebaki na lita ngapi.

Bidhaa zinahesabiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo. Hili hukosewa sana, kwa sababu kilichoandikwa kwenye risiti ni bei ya kununulia. Gunia lililonunuliwa kwa 220,000 na leo linatoka kwa 260,000 ni mali ya 260,000. Vivyo hivyo, bidhaa iliyoshuka bei inahesabiwa kwa bei yake ya chini ya leo, na sabuni iliyolowa maji na haiuziki tena haihesabiwi kitu. Rafu, friji, mizani na pikipiki ya kubebea mizigo havimo, kwani havikununuliwa ili viuzwe. Mifuko ya kufungia na vifaa vya kusafishia duka pia havimo.

Bidhaa zote zikatoka 6,400,000. Fedha taslimu zilizo kwenye droo na nyumbani ni 850,000. Zilizo benki na kwenye laini ya uwakala ni 1,350,000. Floti ni mali yake hata kama haitumii kwa matumizi ya nyumbani, maana ni mtaji unaozunguka. Kisha linakuja daftari la madeni, na hapa kazi hupungua kasi, kwa sababu kila jina linahitaji kufikiriwa. Mwalimu anayelipa kila mwisho wa mwezi, fundi anayelipa akimaliza kazi, jirani ambaye hajawahi kukanusha: hayo ni madeni yanayotarajiwa, jumla 700,000, nayo yanaingia kwenye hesabu kama vile yapo mkononi. Waliohama mtaa na wasiopokea simu wana 300,000. Hizo hazitolewi zaka sasa. Zikilipwa siku moja, ndipo zinatazamwa. Jumla ni 9,300,000.

Anadaiwa 1,500,000 na muuzaji wa jumla, nazo muda wake umefika. Je, zinatolewa? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba deni halizuii zaka: mali iliyo mkononi ni yake na inatolewa zaka yote. Madhehebu mengine huruhusu deni lipunguzwe kwanza, na wanachuoni wengi wa leo huichukua rai hiyo kwa madeni ya biashara yaliyofika muda wake. Kwa rai ya kwanza, 9,300,000 zikigawanywa kwa 40 zinatoa zaka ya 232,500. Kwa ya pili, 7,800,000 kwa 40 ni 195,000. Tofauti ni 37,500 tu, na anayeweza kuitoa ile kubwa amejitoa kwenye shaka. Wanaopunguza madeni hupunguza yale ya kulipwa sasa. Hawachukui mkopo wa nyumba wa miaka 15 wakautoa wote mara moja, kwani kwa njia hiyo karibu kila mwenye mali angeonekana fakiri.

Kwa Shafii, nisabu ya biashara hutazamwa mwisho wa mwaka. Duka lililolegea mwezi wa tano likaja kuimarika kabla ya hauli lina zaka, na faida hufuata mtaji wake. Haingojewi mwaka wake peke yake.

Nyumbani kuna hesabu nyingine. Zaka ni ya mtu mmoja mmoja, haichangwi kama gharama za familia. Mke wa mwenye duka ana akiba yake ya 1,200,000 na amekwisha kuchanga 600,000 kwenye upatu ambao zamu yake haijafika. Alichokichanga na hajakipokea ni deni lake kwa wenzake, kwa hiyo kinahesabiwa: jumla 1,800,000, chini ya nisabu. Lakini pia ana bangili za dhahabu za karati 21, gramu 20. Kwa Shafii, pambo halali la mwanamke analolivaa kwa kiasi cha kawaida halina zaka, na kwa rai hiyo mwanamke huyu hana zaka mwaka huu. Kwa madhehebu ya Hanafi pambo lina zaka. Akiifuata rai hiyo, gramu 20 za karati 21 zina dhahabu safi gramu 17.5, yaani 5,250,000. Jumla inakuwa 7,050,000, na zaka yake 176,250. Bangili zilizowekwa kabatini kama akiba, bila nia ya kuvaliwa, zina zaka hata kwa Shafii zikifika nisabu, kwa kuwa zimeacha kuwa pambo.

Kugawa kunahitaji nia: kile kinachotengwa kiwe kimetengwa kama zaka, kabla au wakati wa kutoa. Sadaka iliyokwisha kutolewa miezi iliyopita haigeuzwi zaka baadaye. Kuitanguliza zaka kabla ya hauli kutimia, nisabu ikiwa ipo, kunaruhusiwa.

Wanaostahili ni makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Shafii huona igawiwe kwa makundi yote yanayopatikana. Madhehebu mengine hutosheka na kundi moja, na watu wengi, hata Mashafii, hufanya hivyo zaka inapokuwa ndogo. Kwa Shafii fakiri ndiye mwenye hali ngumu zaidi: asiye na kitu, au mwenye kile kisichofika nusu ya mahitaji yake. Masikini ana zaidi ya nusu lakini hakimtoshi. Mwenye kazi na nyumba anaweza kuwa masikini, na ndiye anayesahaulika, kwa kuwa hasimami mlangoni kuomba.

Kuna maduka ambayo siku ya zaka hukusanya foleni na kugawa sarafu mbili tatu kwa kila mkono. Fedha inaisha na hakuna aliyeondokewa na shida. Imamu Nawawi, aliyefariki 676 Hijria, aliona fakiri apewe kinachomtosha, na mwenye ufundi apewe kinachomwezesha kushika zana za kazi yake. Kwa shilingi 195,000 hilo linawezekana kwa mtu mmoja au wawili: mjane anayekaanga mihogo akanunuliwa jiko na mtaji wa kwanza, au mwenye deni la matibabu akalilipa.

Mtu hawapi zaka wazazi wake, watoto wake wala mke wake, maana kuwatunza tayari ni juu yake. Ndugu, shangazi, mjomba na binamu wenye shida wanapewa, na kuwapa kuna ubora wa kuunga undugu. Mke mwenye mali anaweza kumpa mumewe aliye masikini. Kijana wa dukani anapewa akiwa anastahili, lakini isiwe ni bakshishi iliyopewa jina la zaka wala sehemu ya mshahara wake.

Makosa mawili hutokea dukani kuliko mahali pengine. La kwanza ni kufuta deni. Mteja masikini anadaiwa 60,000, mwenye duka anapiga mstari kwenye daftari na kusema imeingia kwenye zaka. Kwa wanachuoni wengi haijaingia, kwani zaka ni kumkabidhi mtu mali, na hapa hakuna kilichokabidhiwa. Anaweza kumpa 60,000 mkononi. Mteja akipenda mwenyewe kulipa deni, ni hiari yake, bila sharti wala kukonyezana. La pili ni kutoa bidhaa ambazo hazitoki. Kwa Shafii zaka ya biashara hutolewa kwa thamani, yaani fedha. Wanaoruhusu kutoa bidhaa wanataka iwe ni kile ambacho masikini anakihitaji kweli, kwa bei ya haki. Biskuti zinazobakiza wiki moja kabla ya muda wake hazitimizi hilo.

Nauli ya kupeleka na ada ya kutuma kwa simu hazikatwi kwenye fungu. Miaka iliyopita bila zaka haifutiki pia; kila mwaka unakadiriwa kwa mali iliyokuwapo wakati ule na kulipwa kama deni. Mwenye mali akifariki kabla ya kulipa, zaka hiyo hutolewa kwenye mali aliyoacha kabla warithi hawajagawana.