Milioni 3 za chapati zinatoka wapi?
Tuseme unafungua kibanda cha chapati karibu na hosteli, na umeandika "mauzo: milioni 3 kwa mwezi". Hiyo namba umeitoa wapi? Hebu ivunje. Kaa pale asubuhi kadhaa uhesabu: tuseme vibanda vyote vinauza chapati 600 kwa siku. Wewe mgeni ukipata asilimia 15, ni chapati 90. Kwa bei ya shilingi 500, siku 26, unapata 1,170,000. Ili ufike milioni 3 unahitaji chapati 231 kila siku, zaidi ya asilimia 38 ya soko zima. Mwezi wa kwanza, kweli?

Mauzo yakishuka, hesabu tena vibanda vyote. Vikiuza 400, labda wanafunzi wako likizo. Vikibaki kwenye 600, wateja wamehamia kwa jirani.