SIKIO LISILOUMA NA KISU CHA DAKTARI

Katika pwani ya kusini, kuanzia Mtwara mjini kupita Msimbati mpaka mdomo wa Mto Ruvuma, sikio linalotoka usaha si jambo la kumwondoa mtu kazini. Mvuvi hulifuta kwa ncha ya shuka, mama humtilia mwanawe mafuta ya nazi, na wapo watumiao unyoya wa kuku kulisafisha. Maadamu halimnyimi mtu usingizi, hakuna aonaye sababu ya kwenda kwa daktari.

Leo hatuandiki habari ya kila sikio la namna hiyo, maana mengi hupona yakikaushwa vizuri na kutiwa dawa ya matone. Twaandika habari ya sikio moja miongoni mwa hayo, ambalo kutouma kwake ndiko kunakolifanya kuwa la hatari. Ugonjwa wake waitwa kolesteatoma. Jina hilo lilitolewa mwaka 1838 na mtaalamu wa Kijerumani, Johannes Müller, naye alidhani ameona uvimbe wa mafuta. Alikosea. Si uvimbe wa mafuta wala si saratani. Ni ngozi ya kawaida iliyoota mahali pasipo pake.

Ngozi iliyomo ndani ya tundu la sikio huchakaa na kutoa magamba, kama ngozi ya mwili mzima. Magamba hayo husogea polepole kuelekea nje na kutoka pamoja na nta. Mwisho wa tundu pana kiwambo kinachopokea sauti, na nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye hewa. Ndani ya chumba hicho mna vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana sauti mpaka sikio la ndani. Hewa ya chumba hicho huingia kwa mrija mwembamba utokao nyuma ya pua.

Mrija huo ukikaa miaka mingi bila kufunguka sawasawa, kama iwavyo kwa watoto wenye mafua yasiyokwisha, hewa ya chumbani hunywewa na mwili bila kurudishwa. Hapo kiwambo huvutwa ndani, hasa sehemu yake ya juu iliyo laini, kikafanya mfuko. Magamba yanayotoka ndani ya mfuko huo hayana njia ya kutokea. Hujikusanya, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, mpaka hupatikana donge jeupe mfano wa lulu. Kwa wengine ngozi hupenya kwa ukingo wa tundu lililotoboka katika kiwambo, na mwisho wake ni ule ule. Wavuvi wengi huilaumu bahari. Maji ya bahari huweza kuliamsha sikio bovu likatoka usaha, lakini siyo yaliyoliotesha donge hilo.

Sasa, donge likishakua hula mfupa. Hulisukuma lile lililo karibu nalo, na ngozi yake pamoja na uchafu uliooza hutoa vitu vinavyouyeyusha mfupa kidogo kidogo. Kwa kuwa kazi hiyo huendelea polepole kwa miaka, maumivu hayapo au ni madogo mno. Kinachoonekana nje ni usaha kidogo wenye harufu mbaya sana, ambao hukauka kwa dawa na kurudi baada ya wiki chache.

Wasomaji wetu watauliza mbona dawa haimalizi. Sababu yaeleweka. Donge ni magamba yaliyokufa, hayana damu ndani yake. Kidonge amezacho mtu hakifiki humo. Matone hufika juu juu, yakaua vijidudu vilivyo usoni, harufu ikapungua, na mgonjwa akashukuru. Mfuko wenyewe hubaki, na magamba huzidi. Kwa hiyo sikio linalokauka na kurudi, likakauka na kurudi, lisihesabiwe kuwa limepewa dawa dhaifu. Linahitaji kutazamwa kwa hadubini na mtu anayejua afanyalo.

Tumchukue kwa mfano kijana wa Msimbati, mwenye miaka kama 22, apigaye mbizi kutafuta pweza. Sikio lake la kulia lilitoka usaha tangu utotoni. Tangu mwaka jana amekuwa akigeuza kichwa asikie wenziwe chomboni, na kila abonyezapo kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio huona dunia ikizunguka. Hajaumwa hata siku moja.

Daktari wa masikio, pua na koo humwekea uma wa chuma unaovuma katikati ya paji la uso, na kumwuliza ausikia wapi. Kijana asema, katika sikio bovu. Wasiojua hudhani amekosea, lakini jibu hilo ni habari njema: laonyesha kwamba neva ya kusikia ingali hai, na kwamba hitilafu iko katika vifupa vinavyopeleka sauti. Kile kizunguzungu cha kubonyeza si habari njema. Hudokeza kuwa donge limekwisha kutoboa mfereji wa sikio la ndani unaomwongoza mtu katika kusimama wima. Daktari akinyonya usaha kwa mrija chini ya hadubini huona magamba meupe juu ya kiwambo, na picha ya sitiskani humwonyesha ni mfupa upi uliobaki na upi ulioliwa.

Kijana huyu ana mjomba, ambaye kwa desturi za Wamakonde ana neno kubwa katika mambo ya mpwa wake. Mjomba atauliza, tena kwa haki, "Daktari, sikio haliumi, nawe wataka kulipasua. Kwa nini?" Jibu la daktari ni hili: "Mzee, sikati kwa sababu ya maumivu. Nakata kwa sababu ya majirani wa donge hili." Na majirani hao ni wa kuogopwa. Juu ya chumba cha sikio mna ubongo, umetengwa nacho kwa mfupa mwembamba kama ganda la yai. Nyuma yake hupita mshipa mkubwa wa damu itokayo kichwani. Katikati hupita neva inayoendesha misuli ya uso. Donge likifika kwenye neva hiyo, mdomo huenda upande na jicho halifumbiki. Likitoboa juu, usaha huingia katika utando wa ubongo au katika ubongo wenyewe. Kabla Hermann Schwartze wa Ujerumani hajaueleza upasuaji wa mfupa wa nyuma ya sikio mwaka 1873, wengi waliofikia hapo walikufa, na hata leo achelewaye huweza kufa.

Basi upasuaji wenyewe huendaje? Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Ngozi hukatwa nyuma ya sikio, na sikio hukunjwa mbele. Mfupa ulio nyuma yake, wenye vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, huchimbwa kwa keekee ndogo sana chini ya hadubini, huku maji yakimiminwa ili mfupa usiungue. Daktari hulifuata donge mpaka mwisho wake, akaliondoa pamoja na ngozi iliyolizaa; akiacha hata kipande kidogo tu, kitaota tena. Kiwambo hutengenezwa upya kwa utando uliochukuliwa juu ya msuli wa pajini mwa kichwa. Kazi hii huchukua saa 2 mpaka 4, na pengine zaidi. Neva ya uso imo mle mle, umbali wa milimita chache na keekee, na hapo ndipo tunapoona kwamba si kazi ya kufanywa na kila mwenye kisu. Watu wengine baadaye huona ladha ya chuma upande mmoja wa ulimi kwa miezi kadhaa, kwa kuwa uzi mwembamba wa neva ya ladha hukatiza chumba hicho.

Jambo moja huwakasirisha wagonjwa wasipoambiwa mapema. Mara nyingine donge lenyewe huwa limejaza nafasi ya kifupa kilicholiwa, likawa ndilo linalopitisha sauti. Likiondolewa, mtu huenda akasikia vibaya kuliko alivyoingia. Lengo la kwanza ni sikio salama na kavu. Kusikia ni la pili, nako huweza kushughulikiwa baadaye kwa kifupa cha kutengenezwa au kwa chombo cha kusikilizia.

Sasa twafika penye tatizo la kijana wetu, nalo halimo katika vitabu vya wagonjwa wa Ulaya. Kuna njia mbili za kupasua. Katika ya kwanza daktari huuacha ukuta wa mfupa ulio nyuma ya tundu la sikio. Sikio hubaki na umbo lake na mtu huweza kuoga bila hofu kubwa, lakini donge huweza kujificha nyuma ya ukuta huo na kurudi bila kuonekana. Hivyo mara nyingi hufunguliwa tena baada ya miezi 9 mpaka 12 ili litazamwe. Katika njia ya pili ukuta huondolewa, ikabaki pango moja pana linaloonekana mpaka ndani. Donge likirudi huonekana mapema, wala hakuna haja ya upasuaji wa pili wa kutazama tu.

Kutoka Mtwara mpaka Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ni zaidi ya kilomita 550. Mtu asiye na hakika ya kurudi baada ya mwaka mmoja hufanyiwa kwa busara njia ya pili, hata kama daktari angependa ile ya kwanza. Umbali wa barabara, basi, huingia mpaka chumba cha upasuaji na kuchagua pamoja na daktari.

Lakini pango lililo wazi halipatani na mbizi. Maji ya baridi yakiingia humo hugusa karibu sana na ule mfereji wa kusimama wima, na mtu hushikwa na kizunguzungu papo hapo. Nchi kavu atashika ukuta. Chini ya maji hatajua juu ni wapi. Mvuvi aliyepasuliwa kwa njia hii haimpasi kupiga mbizi tena, naye ana haki ya kuelezwa hivyo kabla ya kutia sahihi, siyo baada. Twajua kwa wengine hilo ni sawa na kuambiwa waache kazi. Ndiyo maana twaona mjomba, mke na mwenye chombo wawepo siku ya maelezo, wapange atafanya nini: kushika usukani, kuvua kwa mshipi, au kulipia safari ya pili ili apasuliwe kwa njia ya kwanza. Hata hivyo kwa njia hiyo pia hataingia majini mpaka daktari atakapomruhusu.

Pango huzibwa kwa kitambaa chenye dawa kwa wiki kadhaa, kisha husafishwa na mhudumu wa masikio kila miezi 6 mpaka 12, maisha yote, kwa kuwa magamba yake hayawezi tena kujisukuma nje yote. Wakati wa kuoga sikio huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka.

Mwenye sikio la namna hii aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, akaombe barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Akienda aeleze mambo matatu: limetoka usaha tangu lini, lina harufu gani, na limerudi mara ngapi baada ya dawa. Asitie mafuta wala majani asubuhi ya safari, maana daktari ataona mafuta badala ya kiwambo. Lakini uso ukienda upande, kizunguzungu kikizidi, nyuma ya sikio pakivimba mpaka sikio likasukumwa mbele, au homa ikaja pamoja na kichwa kikali na shingo ngumu, asingoje barua. Aende usiku huo huo.