Uvungu wa Unyayo: Springi Inayogeuka Mtaimbo

Mtu akishatawadha na kupita kwenye sakafu ya saruji kuelekea ndani ya msikiti, huacha nyuma yake nyayo za maji ambazo hukauka baada ya muda mfupi. Anayeziinamia na kuzitazama ataona duara la kisigino, ukanda mwembamba unaopita upande wa nje, kisha sehemu pana ya mbele na vidole vitano. Upande wa ndani saruji imebaki kavu. Hapo ndipo penye uvungu, mahali ambapo mguu ulipita bila kugusa chini.

Uvungu huo umeezekwa kwa mifupa. Kuanzia kifundo kwenda chini, kila mguu una mifupa 26, na mingi kati yake imepangwa kama mawe ya tao la mlango wa kale: nguzo moja ni kisigino, ya pili ni shina la vidole. Kwa chini, kutoka kisigino hadi kwenye vidole, umetandwa utando mweupe, mgumu kama ukanda wa turubai, unaozuia nguzo hizo mbili zisiachane. Kati ya utando huo na mifupa imejaa misuli midogo iliyolala kwa matabaka manne. Misuli hii huanzia humo humo mguuni na kuishia humo humo, tofauti na ile mirefu inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu.

Tao la mlango hujengwa lisitikisike. Tao la mguu halina bahati hiyo, kwa kuwa katika kila hatua hudaiwa mambo mawili yanayopingana. Mguu unapotua, linatakiwa lilegee kidogo, libonyee na kupokea uzito kama springi. Muda usiofika sekunde moja baadaye, kisigino kinapoinuka, linatakiwa likaze, kwa sababu sasa mguu mzima umekuwa wenzo wa kuusukuma mwili mbele, kama mtaimbo unaobanduliwa nao jiwe. Mtaimbo unaopinda katikati haubandui kitu.

Ukubwa wa nguvu zinazotaka kuupinda mtaimbo huo unaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Tuchukue mama mwenye kilo 60 aliyejitwika ndoo ya maji ya lita 20. Jumla ni kilo 80. Amefika pale ambapo kisigino cha mguu wa nyuma kimeinuka, na mguu wa mbele bado haujagusa ardhi, hivyo uzito wote uko juu ya shina la vidole vya mguu mmoja. Kutoka kwenye kifundo hadi shina la vidole ni kama sentimita 12. Kutoka kifundo kwenda nyuma, hadi kwenye kano kubwa inayokishika kisigino, ni kama sentimita 5 tu. Kwa kuwa upande wa nyuma wa wenzo ni mfupi, kano hiyo lazima ivute kwa nguvu zaidi: 80 mara 12, gawanya kwa 5, ni sawa na uzito wa kilo 192.

Sasa mguu wake umebanwa pande tatu. Ardhi inasukuma mbele kwenda juu kwa kilo 80, kano inavuta nyuma kwenda juu kwa kilo 192, na katikati mfupa wa muundi unakandamiza chini kwa jumla ya zote mbili, yaani kilo 272. Ndivyo mtu anavyovunja kijiti cha kuni: hushika ncha mbili na kusukuma kati kwa goti. Lakini mama yule hupiga hatua hiyo maelfu ya mara kati ya kisima na nyumbani, na mguu wake hauvunjiki.

Sehemu moja ya siri hiyo ilielezwa mwaka 1954 na mtafiti wa Uingereza, J. H. Hicks. Alionyesha kwamba ule utando wa chini hupita chini ya viungo vya vidole na kushikana na vidole vyenyewe. Kisigino kinapoinuka, vidole hubaki vimelala chini na hivyo hukunjwa kuelekea juu. Utando hujizungusha kwenye shina la vidole kama kamba inavyojizungusha kwenye gogo la kisima mtu anapovuta ndoo. Kamba inapozidi kuzungushwa hufupika, kisigino huvutwa karibu na vidole, na tao huinuka lenyewe. Msomaji anaweza kulishuhudia hili sasa hivi: asimame wima, kisha mtu mwingine ainue kidole gumba cha mguu wake kwa mkono. Uvungu utapanda mbele ya macho yao, na misuli haikuombwa kufanya lolote.

Miaka 33 baadaye ilikuja zamu ya springi. Mwaka 1987 Robert Ker na wenzake, akiwemo Profesa Robert McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, waliichunguza miguu iliyokuwa imekatwa hospitalini kwa sababu za kitabibu. Waliiweka kwenye mashine, wakaikandamiza na kuiachia kwa nguvu zinazofanana na za mtu anayekimbia. Tao lilibonyea, likarudi, na sehemu kubwa ya nishati iliyotumika kulibonyeza ikarejeshwa. Walikadiria kuwa kwa mtu wa kilo 70 anayekimbia kwa kasi, tao huhifadhi takriban jouli 17 kila mguu unapokanyaga. Hiyo ni nishati ya kuinua chupa yenye zaidi kidogo ya lita moja na nusu ya maji kwa mita moja, na mkimbiaji huirudishiwa nyingi yake bila kuilipia jasho.

Manufaa hayo, hata hivyo, ni ya mkimbiaji zaidi kuliko ya mtembeaji. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yalichapishwa ambamo watu walivalishwa soli za ndani zilizozuia tao lisibonyee. Walipokimbia kwenye tambarare walitumia nishati zaidi kwa takriban asilimia 6. Walipotembea, gharama haikubadilika. Kwa hiyo anayetembea hanufaiki sana na springi. Anachohitaji zaidi ni ule mtaimbo.

Na hapo ndipo swali la misuli midogo linapoingia. Miguu iliyochunguzwa na kina Ker haikuwa na uhai. Misuli yake isingeweza kukaza. Ikiwa utando na kano peke yake zinabonyea na kurudi vizuri hivyo, matabaka manne ya misuli yanafanya nini humo ndani? Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa kwamba yanausaidia utando kulishikilia tao lisiporomoke.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliamua kuuliza mguu ulio hai. Mwaka 2014 Luke Kelly na wenzake waliisisimua misuli hiyo kwa umeme huku mguu ukiwa umebebeshwa mzigo, na tao likainuka dhidi ya mzigo. Basi uwezo upo. Lakini kuwa na uwezo si sawa na kuutumia njiani. Mwaka 2019 Dominic Farris, Kelly na wenzao wakatoa matokeo ya jaribio la kinyume chake: walichoma sindano ya ganzi kwenye neva inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani, ile inayopeleka amri kwenye misuli ya unyayo. Misuli ya shavu la mguu, ambayo hupata amri kutoka juu zaidi, ilibaki na nguvu zake. Watu wale wale wakatembea na kukimbia kabla na baada ya ganzi.

Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mguu ulipotua, tao halikuporomoka. Lilibonyea kwa kiasi kile kile kama misuli ilivyokuwa hai. Tofauti ilijitokeza mwishoni mwa hatua, wakati wa kusukuma. Viungo vya vidole na vya katikati ya mguu vililegea, msukumo dhidi ya ardhi ukapungua, na nyonga zikalazimika kufanya kazi zaidi ili mtu aendelee kwa kasi ile ile. Hatua nazo zikawa za haraka zaidi. Hiyo ina maana kwamba kazi kubwa ya misuli midogo si kulibeba tao mtu anapokanyaga. Ni kuushika mtaimbo usilegee kwenye ncha yake, pale vidole vinaposukuma.

Ganzi ya maabara huisha baada ya saa chache. Yapo maradhi yanayoizima neva hiyo hiyo kwa miaka. Ukoma hupenda kuishambulia hapo hapo nyuma ya kifundo, na kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguuni kuanzia kwenye vidole. Misuli midogo ikinyong'onyea, ile mirefu ya muundi huendelea kuvuta bila wa kuisawazisha, na vidole hujikunja kama kucha za ndege. Shina la vidole hubaki likigonga ardhi bila msaada wa vidole, ngozi hubonyezwa sehemu moja kila hatua, na kwa kuwa neva ile ile ndiyo hubeba hisia, mgonjwa hasikii maumivu ya kumwonya. Kidonda huanzia hapo. Mwenye kisukari anayeona vidole vyake vimeanza kujikunja, au sugu nene imeota chini ya shina la vidole, anatakiwa aonyeshe miguu yake kliniki hata kama haimuumi.

Si kila unyayo bapa ni ugonjwa. Watoto wadogo wengi huacha nyayo zilizojaa, kwa sababu uvungu wao umefunikwa na mafuta na tao halijakomaa. Kwa mkubwa, kipimo rahisi ni kusimama kwa ncha za vidole. Uvungu ukijitokeza na hakuna maumivu, tao lake ni laini lakini linafanya kazi. Usipojitokeza, au mguu uliokuwa na uvungu ukianza kubapa upande mmoja huku kifundo kikiuma kwa ndani, hilo ni la kupeleka kwa daktari.

Elimu ya kamba ya Hicks imeingia hata kwenye tiba ya maumivu ya kisigino, yale yanayouma zaidi mtu anapokanyaga chini mara ya kwanza asubuhi. Mwaka 2015 Michael Rathleff na wenzake wa Denmaki walichapisha jaribio la zoezi moja. Mgonjwa husimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole ili vikae vimeinuliwa na utando ukazwe. Huinua kisigino kwa sekunde 3, hukaa juu sekunde 2, hushuka kwa sekunde 3, siku moja ndiyo na siku moja hapana, akiongeza uzito mgongoni kadiri anavyopata nguvu. Baada ya miezi 3 waliofanya hivyo walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliojinyoosha tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, kwa hiyo faida ya taulo na ngazi ilikuwa kuufupisha muda wa kuchechemea.