Vitamini E wakati wa mionzi

Mionzi huua seli za saratani kwa kuzalisha ndani yake kemikali kali zinazokata vinasaba. Antioksidanti huzizima kemikali hizo, na haijulikani kuwa zinabagua seli nzima na seli gonjwa.

Huko Kebeki, Kanada, watafiti waligawa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo: nusu wakapewa vitamini E kwa dozi kubwa, baadhi pamoja na beta-karotini, na wenzao vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2005 yalianza vizuri, maana madhara makali ya mionzi yalipungua. Ila uvimbe ulielekea kurudi zaidi kwao hao hao.

Chungwa la mezani halina shida. Kidonge au unga wa mitishamba, mpelekee daktari na chupa yake kabla hujameza.